Kokoro kwenye data, au jinsi kisukari kilivyotaka kuwa kichwa cha pepa

Pepa ilinifikia saa nne usiku na ujumbe mfupi tu, "Kaka hebu ipitie fasta, keshokutwa tunaituma." Aliyetuma ni daktari ninayemheshimu, mtu wa wodini hasa, sio wale wa kuandika ili jina litokee. Kichwa cha pepa kilisema dawa fulani inapunguza kurudi kulazwa kwa wagonjwa wa moyo wenye kisukari. Nikakisoma mara mbili. Manake protokali ya jaribio lile nilishaiona kabla hata mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa, na swali kuu halikuwa la wagonjwa wa kisukari, lilikuwa la wagonjwa wote.

Hapo nikajua usiku wangu umeisha.

Nakupa kisa chenyewe, ila namba nimezibadilisha ili pepa isitambulike, hesabu inabaki ya aina ileile. Wagonjwa 600, wamegawanywa kwa bahati nasibu, 300 wanapewa dawa na 300 plasebo, yaani mfano wa dawa usio na dawa ndani. Swali kuu: ndani ya siku 30 tangu atoke hospitali, karudi kulazwa au hajarudi. Upande wa dawa walirudi 48, upande wa plasebo 60. Ukigawanya unapata uwiano wa hatari wa 0.80, yaani kama vile dawa imepunguza hatari kwa asilimia 20, ila masafa ya uhakika ya asilimia 95 yanaanzia 0.57 hadi 1.13 na thamani ya p, yaani nafasi ya kupata tofauti kubwa hivi au zaidi kwa bahati tu kama dawa haifanyi kitu, ni 0.20. Kwa lugha ya kawaida, inawezekana dawa inasaidia vizuri tu, inawezekana haifanyi chochote, inawezekana inaumiza kidogo, data hii haijaamua.

Ni matokeo ya heshima kabisa hayo. Lakini mtu umekaa na jaribio miaka mitatu, wafadhili wanauliza, bosi anauliza, halafu uandike "hatujui"? Inauma. So wakaanza kukata. Wanaume peke yao, wanawake peke yao, wazee, vijana, wenye presha na wasio nayo, wenye figo mbovu na wazima, wavuta sigara na wasiovuta, wenye kisukari na wasio nacho. Sifa sita, kila moja pande mbili, vikundi vidogo 12. Na kwenye kisukari ikawaka: kati ya wenye kisukari 100 waliopewa dawa walirudi 14, kati ya 100 wa plasebo walirudi 27. Uwiano 0.52, masafa 0.29 hadi 0.93, p ni 0.027. Furaha ikatanda, kichwa cha pepa kikabadilishwa siku hiyohiyo, na aya ya maelezo ikaongezwa kuhusu sukari na mishipa ya damu na uvimbe, imeandikwa kitaalamu mpaka unashawishika.

Hii ndo mi naiita kuvua kwa kokoro. Nyavu ya kokoro inaburuta chini kabisa, haichagui, inabeba dagaa, mayai ya samaki, matope na kandambili ya mtu. Ukishaivuta pwani huwezi kusimama na ile samaki moja kubwa mkononi ukasema "nilitoka nyumbani kuja kuifuata hii". Hukutoka kuifuata. Umeikuta.

Nikampigia asubuhi. Swali langu la kwanza halikuwa la hesabu, nilimuuliza tu, "Dokta, mlilinganisha mara ngapi?" Akasema kumi na mbili. Nikamuuliza tena, "Zilizoko kwenye pepa au mlizofanya?" Kimya kidogo. Kumbe walishapima pia kifo, siku za kukaa wodini, na umbali mgonjwa anaotembea kwa dakika sita. Matokeo manne mara vikundi 12 ni milinganisho 48. Na umri walijaribu kuukata kwenye 60, haikutoka kitu, wakajaribu 65, wakajaribu 70, wakabaki na 65 kwa sababu "inapendeza zaidi kwenye jedwali". Hapo hata mi nilishindwa kuhesabu.

Hilo swali ndo mlango wa kila kitu, manake huwezi kurekebisha kwa idadi ya milinganisho usiyoikiri. Angalia hesabu yenyewe ilivyo rahisi. Tuseme dawa haifanyi kitu kabisa, ni maji. Ukipima mara moja kwa kiwango cha 0.05, nafasi ya kudanganywa ni asilimia 5. Ukipima mara 12 kwenye vitu visivyohusiana, nafasi ya kudanganywa angalau mara moja ni `1 - 0.95^12`, ambayo ni karibu asilimia 46. Karibu sawa na kurusha shilingi. Ukipima mara 48, unategemea kukutana na "ushindi" wa uongo kama 2.4 kwa wastani, nusu zikiisifia dawa na nusu zikiilaani, na kwa kawaida zile za kuilaani hazifiki kwenye pepa, zinaambiwa ni bahati mbaya. (Vikundi vyake kiukweli vinaingiliana, wagonjwa ni walewale 600 wanakatwa upya upya kwa njia tofauti, kwa hiyo hiyo asilimia 46 ni ya kukadiria tu. Ila haibadilishi picha.)

Kuna mfano maarufu wa hili na kila anayeandika pepa ya jaribio anatakiwa aujue. Jaribio la ISIS-2, lilichapishwa 1988, wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupata shambulio la moyo, na aspirini ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kutoka asilimia 11.8 hadi 9.4 ndani ya wiki tano. Matokeo makubwa, hayana ubishi. Watafiti wakagawanya wagonjwa kwa nyota za kuzaliwa, ndio, nyota za unajimu, na ikaonekana waliozaliwa nyota ya Mapacha na Mizani aspirini haiwasaidii, hata inaelekea kuwadhuru kidogo, wakati nyota zingine zote inawasaidia sana. Waliiweka kwenye pepa makusudi ili msomaji acheke, halafu akisoma safu zingine za jedwali awe makini. Cha kuchekesha ni kwamba nyota tunaikataa papo hapo kwa sababu haina maelezo ya kibiolojia, ila kisukari tunakikubali kwa sababu maelezo yake tunayo mfukoni tayari. Daktari mzuri anaweza kukuelezea chochote! Ungempa matokeo ya kinyume, kwamba dawa inasaidia wasio na kisukari tu, aya ya maelezo ingeandikika vilevile na ingekuwa nzuri vilevile.

Sasa kosa la pili kwenye ile pepa, na hili ndo baya zaidi kwa maoni yangu japo watu hawalioni. Waliandika hivi: kwa wenye kisukari dawa inafanya kazi (p 0.027), kwa wasio na kisukari haifanyi (p 0.89), kwa hiyo athari ya dawa inategemea kisukari. Inasikika sawa eeh? Sio sawa. Moja kuvuka mstari wa 0.05 na nyingine kutovuka haimaanishi hizo mbili zimetofautiana. Ni kama watoto wawili kwenye mtihani, mmoja kapata 51 kafaulu na mwingine 48 kafeli, huwezi kusema mmoja ana akili mwingine hana. Swali la kweli ni je, tofauti kati ya athari mbili ni kubwa kuliko bahati inavyoweza kutengeneza? Hicho ndo kipimo cha mwingiliano, na mtu anaweza kukifanya kwa kikokotoo cha simu.

Tulikifanya pamoja kwenye simu. Wasio na kisukari walikuwa 200 kila upande, walirudi 34 kwa dawa na 33 kwa plasebo, uwiano 1.03. Unachukua logi ya kila uwiano: kwa wenye kisukari -0.657, kwa wasio nacho 0.030. Tofauti yake ni -0.687. Kila logi ina kosa sanifu lake, la kwanza 0.297 na la pili 0.223, unazipiga kipeo cha pili, unajumlisha, unatoa kipeuo, unapata 0.372. Gawanya -0.687 kwa 0.372 unapata -1.85, na p yake ni 0.065. Kwenye programu ya R ni hivi:

```r
b  <- c(log(14/27), log(34/33))
se <- c(sqrt(1/14 - 1/100 + 1/27 - 1/100),
        sqrt(1/34 - 1/200 + 1/33 - 1/200))
z  <- (b[1] - b[2]) / sqrt(sum(se^2))
2 * pnorm(-abs(z))
```

Kwa hiyo ile 0.027 iliyobeba kichwa cha pepa haikuwa jibu la swali la kichwa cha pepa. Jibu la swali lake ni 0.065, na hapo bado hatujagusa habari ya kupima mara nyingi.

Tuiguse. Sifa ziko sita, kwa hiyo vipimo vya mwingiliano ni sita, sio 12, na hiyo tayari ni faida, umepunguza milinganisho nusu kwa kuuliza swali sahihi tu. Njia ya zamani ya Bonferoni inazidisha kila p kwa idadi ya vipimo: 0.065 mara 6 ni 0.39. Njia ya Holm ya 1979 inaanza hivyohivyo kwa p ndogo kuliko zote, halafu inayofuata inazidishwa kwa 5, kisha 4, inashuka. Hapa kwa kisukari zote zinatoa 0.39. Imekwisha hiyo. Hakuna mwingiliano wa kujivunia.

Akaniuliza swali zuri, "Kaka, kwani Bonferoni si kali mno, inaua hadi vitu vya kweli?" Ni kweli kali, na ndo sababu mi sioni haja ya kuitumia wakati Holm ipo, inalinda kiwango kilekile cha makosa na haikubani zaidi ya Bonferoni hata siku moja. Chukua mfano wa kubuni, matokeo manne ya pili yenye p za 0.004, 0.015, 0.03 na 0.20. Bonferoni itakupa 0.016, 0.06, 0.12 na 0.80, unabaki na moja. Holm itakupa 0.016, 0.045, 0.06 na 0.20, unabaki na mbili. Alafu ipo ya Benjamini na Hochberg ya 1995, itakupa 0.016, 0.03, 0.04 na 0.20, unabaki na tatu, ila hiyo inajibu swali lingine: hailindi usidanganywe hata mara moja, inalinda sehemu ya ushindi wako itakayokuwa uongo isizidi kiasi fulani kwa wastani. Kwenye kuchuja jeni elfu ishirini ni sawa kabisa, utazipima tena zile zilizobaki. Kwenye pepa itakayobadilisha dawa anayopewa mgonjwa mi sipendi kuiona, na nikiiona imechaguliwa baada ya Holm kukataa, nafunga faili.

```r
p <- c(0.004, 0.015, 0.03, 0.20)
p.adjust(p, method = "bonferroni")
p.adjust(p, method = "holm")
p.adjust(p, method = "BH")
```

Amri ni mstari mmoja, ndo maana kisingizio cha "hatukuwa na mtakwimu" hakinishiki sana. Kinachosumbua ni kuamua familia ya vipimo ni ipi, yaani unarekebisha kwa idadi gani, sita au 24 au 48, na hilo programu haikuambii. Linaamuliwa kwenye mpango wa uchambuzi, umeandikwa na una tarehe, kabla hujafungua data. Ukiamua baada ya kuona p, utajikuta unachora mpaka wa familia palepale samaki wako anapopita.

Na kuna kitu cha kusema ukweli: kwa pepa yake hata Holm haikuwa dawa. Marekebisho yanaokoa milinganisho uliyoipanga na unayoweza kuihesabu. Ile ya umri uliokatwa mara tatu, ile iliyofanyika jioni moja na mtu mmoja kwenye laptopu yake ikafutwa, hiyo hata uzidishe kwa ngapi haijulikani. Kwa uchambuzi wa aina hiyo njia ya heshima ni kuacha kabisa kuvaa joho la p. Jarida la kitabibu la NEJM kwenye mwongozo wake wa 2019 lilikwenda huko: kama protokali au mpango wa uchambuzi haukueleza namna ya kushughulikia milinganisho mingi, matokeo ya pili na vikundi vidogo ripoti makadirio na masafa ya uhakika ya asilimia 95, bila thamani za p, na useme wazi masafa hayo hayajarekebishwa hivyo yasitumike kutoa hitimisho.

Ubishi wake wa mwisho ulikuwa mzuri kuliko yote. Akasema, sawa, lakini kisukari kilikuwa kwenye protokali kama kikundi kidogo, hatukukizua. Ni kweli kilikuwemo, mstari mmoja ukurasa wa 31, pamoja na wenzake watano. Nikamwambia habari ya PRAISE. Jaribio la amlodipini kwa wagonjwa 1,153 wenye moyo kushindwa kwa kiwango kikali, lilitoka 1996. Kwa ujumla dawa haikushinda kwenye swali kuu. Ila wagonjwa walikuwa wamegawanywa tangu mwanzo, kabla ya kupangiwa dawa, kwa chanzo cha ugonjwa: mishipa ya moyo kuziba au sababu nyingine. Na kwenye hao wa sababu nyingine, watu 421, hatari ya kufa ilishuka kwa asilimia 46, na mwingiliano ulivuka 0.05 bila shida. Yaani ilikuwa na kila kitu pepa ya rafiki yangu haikuwa nacho: imepangwa mapema, mgawanyo umelindwa, mwingiliano umepimwa. Wale watafiti wakafanya jambo la kiungwana, hawakukimbilia kuandikia watu dawa, walifanya PRAISE-2, wagonjwa 1,654 wa aina hiyohiyo tu. Faida ya vifo haikuonekana. Ikayeyuka.

Akanyamaza. Nadhani ni hiyo ilimmaliza, sio zile logi zangu.

Kwa hiyo tukaiandika upya, na kazi ilichukua siku mbili sio usiku mmoja. Kichwa kikarudi kwenye swali kuu, wagonjwa wote. Muhtasari ukasema 48 kwa 60, uwiano 0.80, masafa yake, basi, na kisukari kikatoka kabisa kwenye muhtasari, maana wasomaji wengi hawafiki mbali zaidi ya hapo na ukikiweka kitabaki kichwani kwao peke yake. Kwenye sehemu ya mbinu tukaongeza aya ya kukiri: sifa sita zilipangwa kwenye protokali, matokeo ni manne, jumla ya milinganisho ni 48, mpaka wa umri wa 65 uliamuliwa baada ya kuona data na mipaka mingine miwili ilijaribiwa. Hiyo sentensi ya mwisho aliifuta mara mbili akairudisha mara mbili, namwelewa. Vikundi vyote 12 vikaingia kwenye chati moja, kila kimoja na kiboksi chake na mstari wa masafa yake, kisukari kikiwa mstari wa tano hakijapakwa rangi wala nyota, na pembeni safu moja ya uwiano wa athari mbili badala ya p ya kila kikundi. Ya kisukari inasomeka 0.50, masafa 0.24 hadi 1.04. Ukiiona hapo katikati ya wenzake haikushtui hata kidogo, inaonekana kama mstari uliosogea kushoto kidogo, kama mistari inavyosogeaga.

Na mi nikihakiki pepa za watu siku hizi naanzia mwisho. Nafungua rejista ya majaribio nione matokeo makuu yalikuwa nini na yalibadilishwa lini, kisha naangalia kama vikundi vidogo vina mipaka ya ajabu, umri 62, uzito kilo 71, mipaka ambayo hakuna daktari angeichagua akiwa hajaona data. Halafu naangalia kama vipimo vya mwingiliano vipo. Visipokuwepo na p za kila upande zipo, nishajua pepa ilivyopikwa.

Kuhusu kutokuona mwingiliano nako usikimbilie kusema haupo. Jaribio lenye nguvu ya kutosha kuona athari ya dawa kwa watu wote linahitaji kama mara nne ya wagonjwa ili lione mwingiliano wenye ukubwa uleule, na hapo ni vikundi vikiwa nusu kwa nusu. Wale 600 hawakuwa na uwezo huo hata kwa swali kuu lenyewe. Kwa hiyo kwenye mjadala hatukuandika kwamba kisukari hakibadilishi kitu, tuliandika kwamba data hii haiwezi kusema.

Akaniuliza basi kisukari tukiache kife? Hapana, ni wazo la jaribio jingine, na tukakaa kupanga idadi ya wagonjwa. Kompyuta yake ilikuwa imeshaweka asilimia 27 kwa plasebo na 14 kwa dawa, zilezile za kwenye kikundi, ikamwambia wagonjwa 148 kila upande wanatosha kwa nguvu ya asilimia 80. Nikamwambia hizo namba zilichaguliwa kwa sababu ni kubwa, zilishinda vikundi 11 vingine, kwa hiyo karibu hakika zimevimba. Tukaweka 27 kwa 19, tofauti ambayo bado ingemfanya aandike hiyo dawa wodini kwake. Ikatoka kama 430 kila upande. Akaitazama hiyo 860 kwenye skrini, akauliza kama tunaweza kuweka 17.